Sindano Iliyoijua Pai Kupita Kiasi

Mwaka 1901 Mwitaliano mmoja, Mario Lazzarini, aliandika katika jarida la hisabati la nchini mwake kwamba sindano imedondoshwa mara 3408 juu ya mistari sambamba. Sindano ilikuwa na urefu wa sentimita 2.5, na nafasi kati ya mstari na mstari ilikuwa sentimita 3. Kati ya mara hizo zote, sindano iliangukia juu ya mstari mara 1808. Kwa namba hizo nne tu, bila kugusa duara wala bikari, Lazzarini alikokotoa pai, ile namba ambayo shuleni tunafundishwa kuiandika 22/7. Alipata 3.1415929. Pai yenyewe huanza 3.1415926, kwa hiyo desimali sita za mwanzo zilikuwa sawasawa kabisa.

Habari hiyo ina maajabu mawili, na ni vizuri kuyatenganisha. La kwanza ni kwamba sindano iliyonyooka, ikianguka juu ya mistari iliyonyooka, inaweza kutupatia pai, namba ya duara. Hilo ni kweli tupu, na sababu yake inaeleweka bila hesabu nzito. La pili ni kwamba mtu aliipata pai kwa usahihi huo kwa kudondosha sindano mara elfu tatu na kidogo. Hilo lina harufu.

Swali la sindano si la Lazzarini. Lilianzia kwa Mfaransa Georges-Louis Leclerc, mwenye cheo cha Kaunti wa Buffon, ambaye wengi humjua kwa vitabu vyake vikubwa vya wanyama na madini. Akiwa kijana, mwaka 1733, aliwasilisha mbele ya Chuo cha Sayansi cha Paris uchambuzi wa mchezo wa kamari uliopendwa wakati huo. Sarafu inarushwa juu ya sakafu ya vigae, na wachezaji wanabishania iwapo itatua ndani ya kigae kimoja au itakalia ungo la vigae viwili. Mwaka 1777 alichapisha maelezo yake kamili, na humo ndimo lilimo swali la sindano: sakafu ni ya mbao zilizopangwa sambamba, mtu anadondosha kijiti chembamba, mmoja anaweka dau kwamba kitakata ungo la mbao, mwingine anaweka dau kwamba hakitakata. Je, kijiti kiwe na urefu gani ili asiwepo anayepunjwa?

Angalia alichokuwa anatafuta. Hakuitaka pai, alitaka dau la haki. Jibu lake ni kwamba kijiti kiwe na urefu wa karibu asilimia 78 na nusu ya upana wa ubao, yaani pai ikigawanywa kwa nne. Kwenye mbao za sentimita 20, kijiti cha sentimita 15.7 kinawapa wachezaji wote wawili nafasi sawa. Pai iliingia kwenye jibu bila kualikwa.

Imeingiaje? Sindano ikianguka, mambo mawili huamuliwa na bahati. Moja ni mahali inapotua: karibu na mstari au katikati ya nafasi. La pili ni namna inavyolala. Ikilala sambamba na mistari, haikati chochote hata ikiwa ndefu. Ikilala kimshazari, inakata mara nyingine. Ikikingama kabisa, inakuwa na nafasi kubwa kuliko zote. Buffon alijumlisha milalo yote kwa hesabu ya kalkulasi, na jibu likatoka. Lakini jibu linaloshuka kutoka kwenye kalkulasi huwa linamwacha msomaji wa kawaida na swali lilelile: hilo duara liko wapi?

Aliyelionyesha duara ni Mfaransa mwingine, Joseph-Émile Barbier, mwaka 1860. Njia yake ni nzuri kiasi kwamba inafaa tuipite hatua kwa hatua.

Badala ya kuuliza uwezekano wa kukata mstari, Barbier anauliza: sindano ikidondoshwa mara nyingi sana, kwa wastani inakata mistari mingapi kwa kila mdondosho? Ikiwa sindano ni fupi kuliko nafasi ya mistari, maswali haya mawili ni kitu kimoja. Kila mdondosho unatoa 0 au 1, na wastani wa 0.48, kwa mfano, maana yake ni kwamba inakata mara 48 katika kila mara 100.

Sasa chukua waya mwembamba wa sentimita 6 na uuwekee alama ya wino katikati. Kila waya unapodondoka, idadi ya mistari uliyokata ni ile iliyokatwa na nusu ya kwanza ukijumlisha na ile iliyokatwa na nusu ya pili. Basi wastani wa waya mzima ni wastani wa nusu hii na nusu ile vikijumlishwa. Ukiugawa vipande sita vya sentimita moja moja, mambo ni yaleyale. Kwa hiyo wastani unakua sambamba na urefu: waya ukiwa mrefu mara mbili, wastani nao unakuwa mara mbili.

Halafu anakuja na hatua ambayo mtu huisoma mara mbili. Kunja waya huo pale kwenye alama ya wino, uwe na kona. Je, wastani utabadilika? Nusu ya kwanza, ukiitazama peke yake, bado ni kipande kilichonyooka cha sentimita 3 kinachoanguka popote kwa mlalo wowote. Nusu ya pili vivyo hivyo. Kila moja ina wastani wake uleule wa zamani, na jumla haijabadilika. Kweli, kona inabadilisha jinsi mikato inavyokuja. Pengine nusu zote mbili zitakata mstari mmoja kwa pamoja, pengine zitakosa kwa pamoja. Lakini wastani wa jumla haujali vipande vimeungana vipi. Kunja tena mahali pengine, kunja mara mia, uuzungushe uwe kama tambi iliyotoka sufuriani: maadamu urefu ni uleule, wastani wa mikato ni uleule.

Kama umbo halina athari, basi tuchague umbo litakaloturahisishia kazi. Barbier anachagua duara ambalo kipenyo chake kinalingana barabara na nafasi ya mistari. Tuseme mistari imepishana kwa sentimita 4, na duara la waya lina kipenyo cha sentimita 4. Lidondoshe utakavyo. Haliwezi kupenya katikati ya mistari miwili bila kuigusa, na wala haliwezi kukata zaidi ya mara mbili. Ama mstari mmoja unapita ndani yake na kulikata pande mbili, ama, kwa nadra sana, linakaa katikati likigusa mstari wa huku na wa kule. Kila mdondosho ni mikato miwili. Hapa hakuna bahati tena.

Mzingo wa duara hilo ni pai mara 4, yaani takriban sentimita 12.57 za waya. Kama sentimita 12.57 zinatoa mikato 2, basi kila sentimita moja ya waya, iliyonyooka au iliyopinda, inatoa wastani wa mikato 0.159. Sindano ya sentimita 3 inatoa mara tatu ya hapo, ambayo ni 0.477. Huo ndio uwezekano wake wa kukata mstari. Kwa ujumla: zidisha urefu wa sindano kwa mbili, kisha ugawe kwa pai mara nafasi ya mistari. Duara lilikuwemo tangu mwanzo, kwa sababu sindano inayoweza kulala upande wowote na kipande cha duara ni kitu kimoja mbele ya mistari ile.

Mfaransa wa tatu, Laplace, katika kitabu chake cha mwaka 1812 kuhusu nadharia ya uwezekano, aliona kwamba kanuni hiyo inaweza kugeuzwa. Ukiwa na urefu, nafasi na idadi ya mikato, unaweza kuitafuta pai yenyewe. Hapo ndipo watu walipoanza kudondosha sindano.

Mnamo mwaka 1850 Rudolf Wolf, mwanafalaki wa Uswisi, alidondosha sindano ya milimita 36 kwenye mistari yenye nafasi ya milimita 45. Alirudia mara 5000 na kuhesabu mikato 2532. Ukifanya hesabu, pai yake inakuwa 3.1596. Amekosea kwenye desimali ya pili, baada ya midondosho elfu tano! Mtu anaweza kumcheka, lakini Wolf alipata vizuri kuliko alivyostahili. Kwa vipimo vyake, kosa la kawaida linalotokana na bahati peke yake ni kama 0.04 kwenda juu au kushuka chini. Lake lilikuwa 0.018.

Njia hii ina uvivu wa asili. Ukitaka kupunguza kosa mara kumi, inabidi uongeze midondosho mara mia. Wolf, ili aiweke desimali moja zaidi mahali pake, angehitaji midondosho laki tano. Desimali nyingine baada ya hiyo, milioni hamsini. Kama mtu anadondosha sindano moja kila sekunde tano, usiku na mchana bila kula, milioni hamsini ni karibu miaka minane.

Turudi kwa Lazzarini. Kwa sindano yake, mistari yake na midondosho 3408, kosa la kawaida la bahati ni 0.05. Yeye alidai kosa la 0.0000003. Na hata tukimkubalia bahati, kuna rula. Tuseme aliyepima sindano alikosea kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, unene wa mstari wa penseli iliyochongwa vizuri. Sindano iliyoandikwa sentimita 2.5 ikiwa kweli ni 2.51, jibu lote linasogea kwa takriban 0.013. Desimali sita haziwezi kutoka kwenye kipimo ambacho hakina hata nne.

Siri iko kwenye namba zenyewe. Kuna sehemu maarufu inayokaribia pai kwa namna ya ajabu, 355/113, ambayo Mchina Zu Chongzhi aliijua tangu karne ya 5. Ukigawa unapata 3.1415929, jibu la Lazzarini hasa. Sasa tazama vipimo vyake. Sindano ya 2.5 kwenye nafasi ya 3 inafanya pai ikadiriwe kwa kuzidisha 5/3 na midondosho, kisha kugawa kwa mikato. Kwa nini 5? Kwa sababu 355 ni 5 mara 71, na 71 ikizidishwa kwa 3 ni 213. Yaani ukidondosha mara 213 na kupata mikato 113, kanuni itakutemea 355/113 papo hapo. Usipopata, endelea mpaka 426 uangalie kama mikato imefika 226. Usipopata, endelea mpaka 639. Namba 3408 ni 213 mara 16, na 1808 ni 113 mara 16.

Hakuna mtu anayekaa mezani asubuhi na kusema leo nitadondosha sindano mara 3408. Mtu husema elfu tatu, au elfu tano kama Wolf. Namba yenye mkia wa ajabu namna hiyo inaonyesha kwamba jibu lilijulikana kabla, na midondosho ikafuata. Mkato mmoja tu ungezidi, 1809 badala ya 1808, pai ingekuwa 3.1399 na pasingekuwa na habari ya kuandika. Katika jaribio la kweli la ukubwa huo, idadi ya mikato hupanda na kushuka kwa 29 hivi bila sababu yoyote. Wapo waliosema Lazzarini alikuwa anawatania wasomaji wake. Mimi naelekea huko. Vipimo vimechaguliwa kwa ustadi mno kuwa bahati.

Mfano mwingine wa kipindi hicho unanivutia zaidi, ingawa ni mdogo. Mwaka 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ofisa mmoja wa jeshi, Kapteni Fox, alikuwa anauguza majeraha, akajipa kazi ya kurusha waya juu ya ubao wenye mistari. Mwanafalaki Asaph Hall ndiye aliyechapisha matokeo yake. Fox aligundua tatizo ambalo wengi hawalifikirii: mkono wa mtu una mazoea. Mtu akiketi mahali pamoja na kurusha kwa mkono uleule, waya huelekea kulala upande fulani zaidi ya mwingine, na hesabu yote imesimama juu ya sharti kwamba milalo yote ina nafasi sawa. Dawa yake ilikuwa kuuzungusha ubao kidogo kabla ya kurusha. Jaribio alilofanya bila kuzungusha lilimpa 3.1780, alipozungusha, majibu yalisogea karibu zaidi na pai.

Ukitaka kujaribu nyumbani, vijiti vya meno na karatasi ya manila vinatosha. Piga mistari yenye nafasi sawa na urefu wa kijiti, ili kanuni iwe nyepesi: idadi ya vijiti mara mbili, gawa kwa idadi ya mikato. Kwa vijiti 100 tegemea mikato 64 hivi, lakini usishtuke ukipata 59 au 69. Ya kwanza inakupa pai ya 3.39, ya pili 2.90. Amua kabla ya kuanza, kwa maandishi, utadondosha vijiti vingapi. Amua pia utakifanya nini kijiti ambacho ncha yake inagusa mstari kwa mashaka, maana jicho linaloijua pai huwa na upole kwa vijiti vinavyosaidia. Na mistari iendelee mpaka mbali; ukitupa nje ya hesabu vijiti vilivyotoka kwenye ukingo wa karatasi, unaondoa milalo fulani zaidi kuliko mingine.

Kwa kutafuta pai, basi, sindano ni chombo kibovu. Faida yake ilikuja watu walipogeuza kanuni upande wa tatu: pai tunaijua, nafasi ya mistari tunaijua, mikato tunaihesabu. Kilichobaki kisichojulikana ni urefu.

Wanaochunguza mizizi ya mimea wana shida hiyo kila siku. Ukichimbua mche wa mahindi na kuosha udongo, unabaki na fundo la nyuzi zilizojipinda, nyingine nyembamba kama nywele. Kuzinyoosha moja moja na kuzipima kwa rula ni adhabu. Mwaka 1966 E. I. Newman alieleza njia ya mkato: tandaza mizizi ndani ya trei, weka mistari, hesabu mahali mizizi inapokata mistari. Mwaka 1975 D. Tennant akairahisisha kwa kutumia mistari ya miraba. Ukiwa na miraba, urefu wa mizizi yote ni idadi ya mikato mara upande wa mraba mara 11/14. Hiyo 11/14 ni 22/7 ikigawanywa kwa nne, namba ileile ya dau la haki la Buffon.

Tuseme miraba ina upande wa sentimita 2 na umehesabu mikato 180, ya mistari ya kulala na ya kusimama. Zidisha 180 kwa 2, kisha kwa 11/14, unapata karibu sentimita 283. Mche wako una mita 2.8 za mizizi, na hujanyoosha hata mmoja. Kwamba mizizi imepinda hakuna neno. Barbier alishamaliza kesi hiyo.

Kinachoweza kuharibu kazi ni kilekile cha Kapteni Fox: mlalo. Mizizi yote ikilala sambamba na seti moja ya mistari, itakatwa na seti ya pili tu, na jibu litapungua kwa asilimia 21. Ikilala yote kimshazari, kutoka kona ya mraba hadi kona, jibu litazidi kwa asilimia 11. Miraba inasaidia, kwa kuwa kwenye mistari ya upande mmoja peke yake mizizi iliyolala sambamba nayo ingehesabiwa kuwa haipo. Ndiyo maana mizizi hutandazwa ndani ya maji kidogo, ielee na kutawanyika, na mirefu hukatwa vipande vifupi kwanza ili visibaki vimeelekea upande mmoja. Halafu kuna mizizi inayopandiana. Pale ambapo miwili inapita juu ya mstari mahali pamoja, jicho lililochoka huona mmoja, na makosa ya aina hiyo huenda upande mmoja tu: mche unaonekana una mizizi michache kuliko iliyopo. Trei ikijaa mno, ni afadhali kugawa mizizi mafungu mawili na kuhesabu kila fungu peke yake.